Ghala la Pumzi

Mjomba wangu aliishi kwa pumzi yake. Wavuvi wengine walikuwa na mitumbwi na nyavu. Yeye alikuwa na kifua. Nyavu ziliponasa kwenye visiki chini ya mto, au kamba ya mgono ilipokatika na mtego huo wa fito ukabaki kwenye tope la chini na samaki wake, watu walitumwa kumwita yeye. Vijana walipiga maji kwa pondo na kurusha mawe kufukuza mamba, naye akazama. Alitoka na kitu mkononi, akatema maji, akaomba sigara.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nangojea majibu. Nyumbani kwetu Kibaoni hakukuwa na la kufanya ila kusikiliza mvua ikigoma kunyesha, kwa hiyo nilipopata kazi ya muda kwa daktari mmoja wa wanyama niliikimbilia. Alikuwa mwanamke wa Kisukuma, mpole, mwenye mikono inayonuka dawa, na alikuwa akichunguza wanyama wanaopumua hewa kama sisi lakini wanaishi majini. Fisi maji waliokufa wamenaswa ndani ya migono tulipewa na wavuvi. Kiboko tulimpata askari wa wanyamapori walipomuua mmoja kwa sababu ya mashamba ya mpunga. Kazi yangu ilikuwa kuosha visu na kushika taa.

Siku moja, kambini kwa wavuvi, alipanga vipande vitatu kwenye sahani ya bati: paja la mbuzi, la fisi maji, na mnofu wa kiboko. Mjomba alikuja, akachutama.

"Shikamoo mjomba," nilisema.

"Marahaba, mpwa wangu. Daktari, leo mishikaki? Mbona umesahau chumvi?"

"Chumvi unayo wewe mdomoni," daktari alimjibu. "Hebu angalia rangi."

Vipande havikufanana wekundu. Daktari akatueleza. Ndani ya nyama mna kitu chekundu, myoglobini, kinachoshika hewa safi na kuitunza pale pale kwenye msuli. Kuna wanyama wa bahari za mbali, kama nyangumi na sili, ambao wanacho kingi mpaka nyama yao inakaribia weusi. Damu yao nayo ni nyingi kuliko yetu kwa ukubwa wa mwili, na imebeba hewa safi zaidi. Wakizama, moyo unapunguza mwendo, damu inazuiwa isiende ovyo matumboni na miguuni. Inawekwa kwa ajili ya moyo na ubongo. Msuli unakula akiba yake wenyewe.

"Na ubongo?" niliuliza.

"Ubongo hauna ghala. Unakula kinacholetwa na damu, basi."

Mjomba aliendelea kuutazama mnofu wa kiboko. Nilijua kwa nini. Tangu masika kulikuwa na kijana kutoka upande wa Mlimba ambaye alikuwa anakaa chini ya maji kuliko yeye. Wiki ile wavuvi walikuwa wamemwita kijana huyo kwanza. Mjomba alikuwa amesimama ukingoni, ameshika shati lake mkononi, kama mtu aliyefika arusini akakuta majina yamekwisha kusomwa.

"Mimi naweza kuliongeza hilo ghala?" aliuliza.

"Mazoezi yanasaidia kidogo. Sigara zinaharibu sana. Lakini kiboko amezaliwa hivyo, mzee wangu. Wewe umezaliwa wa nchi kavu."

Akacheka, akaitupa sigara majini. Nadhani alisikia neno moja tu, ghala, na ghala ni kitu cha kujazwa.

Daktari aliporudi Ifakara na vielelezo vyake, nilibaki kambini. Asubuhi iliyofuata mjomba aliniita ukingoni. Viboko walikuwa wanacheza upande wa pili. Kila mmoja alipanda, akapuliza, akapuliza tena, kisha akazama.

"Unaona? Anajaza kwanza." Akaanza kuvuta na kutoa pumzi haraka haraka, kifua kikienda kama mivukuto ya mhunzi. Aliendelea mpaka jasho likamtoka. Kisha akanyoosha vidole vyake mbele yangu, macho yakiwa yanang'aa. "Imefika! Inawasha mpaka kwenye kucha. Mpaka midomo!"

Akazama. Akakaa. Kijana wa Mlimba aliacha kutafuna muwa wake. Mjomba alipotoka, hakuwa amehangaika hata kidogo. Alisema kule chini hakusikia hamu ya hewa kabisa, kulikuwa kimya kama kanisani baada ya misa. Vijana walimshangilia. Jioni walikuwa wanamwita Kiboko, na yeye alikuwa ameitika kabla hawajamaliza kulitamka jina hilo.

Kesho yake nilipanda gari la mpunga kurudi mjini nikiwa na habari njema. Daktari alikuwa anaandika vibandiko vya chupa za vielelezo. Nilimweleza yote, hata kucha. Kalamu ilisimama.

"Kuwasha si hewa kuingia," alisema. "Sikiliza. Damu yake ilikuwa imejaa tayari kabla hajaanza kupumua vile. Huwezi kumimina kwenye debe lililojaa. Alichofanya ni kuitoa hewa chafu. Na hewa chafu ndiyo inayokulazimisha uvute pumzi. Ameinyamazisha kengele. Hewa safi itaisha, na hatajua. Atalala."

"Atalala wapi?"

Alikuwa anatafuta ufunguo wa gari.

Giza lilikuwa limeshaingia na kivuko cha kwenda kambini kimefungwa, kwa hiyo tulivuka na safari ya kwanza ya alfajiri. Tulipofika kambini vijana walikuwa wamekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, wanacheka. Mgono wenye fisi maji ulikuwa umekatika kamba. Mjomba alikuwa ameambiwa daktari anapenda maiti mbichi.

"Yuko wapi?" daktari aliuliza.

"Chini, dada. Leo amejaza mpaka amekaribia kuanguka!"

"Tangu saa ngapi?"

"Tulia, huyo ni Kiboko. Pumzi bado anazo."

"Mtoeni!" Sijapata kusikia sauti ile kwa mtu mpole. "Mtoeni sasa!"

Walitazamana, bado na kicheko usoni. Kijana wa Mlimba ndiye aliyeruka. Alimkuta amelala ubavu juu ya tope, ametulia, mkono mmoja umepita ndani ya kamba ya mgono. Hapakuwa na dalili ya kupigana na maji. Daktari alimgeuza, akampulizia hewa yake mdomoni, akamkandamiza kifua, akapuliza tena, vijana wamesimama na mikono vichwani, mpaka mjomba akakohoa. Sote tulilia kwa furaha. Daktari peke yake hakulia. Alikuwa anamfunua kope na kutazama mboni.

Hospitalini alipumua mwenyewe. Moyo ulipiga vizuri. Mikono ilirudi, miguu ikarudi, ile minofu iliyokuwa na akiba yake. Mama yangu, mdogo wake wa tumbo moja, alikuja kutoka Kibaoni, akakaa kando ya kitanda. Alimwuliza, "Unanijua?" Mjomba alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni, akamwamkia shikamoo.

Aliishi miaka kadhaa. Kila asubuhi tulimpeleka uani, tukamwekea fito na kamba, na mikono yake ilisuka migono kama zamani, imara, mizuri kwa nje. Lakini kila mmoja aliuacha wazi mdomoni. Ule mlango mwembamba wa ndani, unaomruhusu samaki kuingia na kumkataza kutoka, hakuuweka tena. Mama alinunua fito nyingine. Migono ikajaa uani mpaka kwenye mlango wa jiko, na hakuna mvuvi aliyekuja kuichukua.