CD Tisa za Baba

Baba alinikabidhi CD tisa ndani ya kopo la biskuti na kuniambia anataka kitu kimoja tu, amwone mama. Mama tulimzika zamani, na picha zinazomwonyesha akitembea na kucheka ziko kwenye CD hizo peke yake: harusi za ukoo, ubatizo, sikukuu za mavuno kanisani, na siku moja ya msaragambo, kazi ya pamoja, kijiji kizima kikizibua ndiva, bwawa la maji ya mashamba. Jicho la kushoto la baba lilikuwa limeshazima kwa presha ya macho. La kulia lilikuwa linaona kwa tundu linalozidi kusinyaa, na daktari alishasema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone inachelewesha tu.

"Deki yangu imekufa," alisema. "Zitie kwenye flashi hivyo hivyo, uniletee. Nitasogelea televisheni."

Nikakataa. Mimi nina studio ya picha na video hapa Same mjini, ninahariri harusi za watu, halafu nimpelekee baba yangu ukungu ule? Video za CD ni ndogo mno. Ukizikuza kwenye televisheni ya leo, uso wa mtu unakuwa viraka vitatu vya kahawia. Nikamwambia asubiri, nitamletea mama anayeonekana. Nilisema kwa majivuno, na nikayarudia majivuno hayo kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Nilikuwa nimepakua programu moja huria, ya bure kabisa, inayokuza picha kwa akili bandia. Imefundishwa kwa picha nyingi sana, kwa hiyo pale penye ukungu inakisia palipaswa kuwa na nini. Kwa video, kwanza unaivunja iwe picha moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde. Programu inakuza kila picha mara nne kwa upana na mara nne kwa urefu, kisha unaziunga tena na kurudishia sauti ile ile ya mwanzo.

Nilijaribu dakika moja, waimbaji wakitoka kanisani kwa mbali, milima nyuma yao. Nikapiga makofi peke yangu dukani. Nikaziweka CD zote tisa kwenye folda moja, nikaamuru zivunjwe na kukuzwa kwa mfululizo, nikafunga duka nikaenda zangu nyumbani.

Nilikuwa sijapiga hesabu. CD moja ya dakika hamsini ni picha elfu sabini na tano. Kompyuta yangu ilimaliza picha moja kwa sekunde moja hivi, yaani CD moja ni karibu saa ishirini na moja bila kupumzika. Na picha hizo zinahifadhiwa wapi? CD isiyofika giga moja ilizaa picha za karibu giga mia mbili. Siku ya tatu nilikuta kazi imekufa, diski imejaa hadi pomoni, na mteja wa kadi za mwaliko amesimama kaunta ananiuliza kwa nini kompyuta haifungui hata faili lake.

Nikajifunza. Nikazikata video vipande vya dakika tano. Kipande kinakuzwa, kinaungwa kuwa video, picha zake zinafutwa, ndipo kingine kinaanza. Hata umeme ukikatika, na Same unakatika, napoteza kipande kimoja tu. Mchana kompyuta ilikuwa ya wateja, baada ya kazi ilikuwa ya mama. Wiki zikaenda. Baba alipiga simu mara mbili kuuliza. Nilimjibu, "Bado kidogo, baba," kama fundi cherehani.

Dada yangu, anayeuza vitenge Hedaru, ndiye aliyeniharibia raha. Alipita dukani CD ya tano ikiwa imekamilika, nikamwonyesha harusi ya shangazi, mama ameketi mstari wa mbele. Akatazama kwa muda.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Wewe! Humjui mama yako?"

"Mama alikuwa na mwanya. Mwanya wake uko wapi?"

Haukuwepo. Nilikuwa nimewasha kipengele cha kurekebisha nyuso bila kufikiri, kwa sababu kilijisifu kwenye maelezo. Programu ilikuwa haijawahi kumwona mama. Ilipokuta viraka vitatu vya kahawia ilimchorea uso wa mwanamke mzuri, meno yamepangwa vizuri, macho maangavu, mgeni kabisa. Hata shangazi alikuwa na meno hayo hayo. Dakika yangu ya majaribio haikuwa na uso wa karibu hata mmoja, ndiyo maana sikushtuka.

Nilimfokea dada kana kwamba ndiye aliyeuziba mwanya. Alipoondoka nikafuta vyote, nikazima kipengele cha nyuso, nikaanza upya.

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Ningechukua dakika chache alizomo mama, zingekuzwa siku moja tu, nikapanda gari la asubuhi kwenda mlimani kwa baba. Lakini nilishatangaza CD tisa, basi nikataka tisa. Na kompyuta haijui haraka ya mtu, inafuata majina ya mafaili kwa alfabeti. Harusi zikatangulia, zikafuata za mavuno, kisha msaragambo. Ubatizo, ambako mama anaigeukia kamera na kucheka kabisa, ulikuwa wa mwisho.

Nilipopanda mlimani, mwezi wa pili ulikuwa umekwisha tangu nipewe kopo lile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na mama yenu?"

Nilichomeka flashi, nikaanza na ubatizo. Ilikuwa kazi nzuri, sitajinyima hilo. Mistari ya gauni ilionekana, mwanya ulionekana, mdogo kama ulivyokuwa. Baba alisogeza kigoda hadi pua ikakaribia kioo. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, anatafuta tundu la kuonea. Akaweka kiganja kwenye kioo.

"Kuna mwanga," alisema. "Kitu cheupe. Ni yeye?"

Kilikuwa kitambaa cha madhabahu. Nilisema, "Ndiyo, baba." Akaondoa kiganja kwenye kioo, na nikajua hajadanganyika.

Aliponipa kopo lile alikuwa bado anasoma namba kubwa za kalenda ukutani. Angeuona hata ule ukungu. Nilizichukua siku zake za mwisho za kuona nikazitumia kuremba picha. Sijisamehe kwa hilo, na sijamwomba anisamehe kwa sababu ninajua atasema si kitu.

Sikuwa na ujasiri wa kuzima televisheni, kwa hiyo video zikaendelea zenyewe. Ikaja ile ya msaragambo: wanaume wenye majembe, tope, ukuta wa ndiva, mama hayumo. Nilikuwa nimeipitia mara nyingi kukagua ukingo wa kila jembe, nimezima sauti dukani ili nisikilizane na wateja.

Baba akainua mkono. "Ongeza."

Nikaongeza. Nyuma ya kamera, mahali ambapo picha haifiki, mwanamke alikuwa anawafokea watoto kwa Chasu, lugha yetu ya Upare, waondoke kwenye maji, mmoja akimtaja kwa jina, kisha akashindwa kujizuia akacheka.

"Anakuita wewe," baba alisema. "Husikii? Mwitikie mama yako."