Shangazi Alivyonisomesha Tangazo la Kazi

Tangazo la kazi ya karani wa kupokea majani mabichi ya chai lilikuwa ukurasa mmoja tu. Shangazi, niliyekuwa naishi kwake Bulyaga tangu nimalize stashahada ya kilimo, aliniandikia orodha nisome dunia nzima: kahawa, mahindi, migomba, hata majina ya mawaziri. Alikuwa ameshaniambia wazi kwamba nikikosa hii nirudi kijijini kulima. Sina ugomvi na jembe, ila kulirudia baada ya kushindwa kungenitia uchungu.

Nikachukua kalamu. "Kukagua ubora wa majani": hapo pana mtihani wa kuandika. "Kutayarisha taarifa kwa kompyuta": hayo ni vitendo, watanikalisha nijumlishe kilo kwenye jedwali. "Kuwahudumia wakulima kwa ustaarabu" lilijirudia, kwa hiyo mahojiano yangeangukia hapo, na pengine mmoja wa wasaili angejifanya mkulima mwenye hasira. Kahawa haikutajwa, nikaifuta. Mahindi vilevile. Mawaziri nikawafuta wote.

"Umefuta serikali nzima!" Shangazi alipiga kelele. "Wakikuuliza je?"

"Nitasema sijui, shangazi."

Kompyuta niliimudu, lakini hasira zangu ziko karibu, hivyo muda mwingi niliuweka kwa yule mkulima. Shangazi analima chai, nikamwomba aigize. Hapo nilijitakia mwenyewe. Nilipomwambia kwa upole kwamba tunapokea majani mawili na chipukizi, yake yamekomaa, alinishukia kwa Kinyakyusa kitupu, akataja kila kapu alilowahi kukataliwa, na hata tulipokaa kula bado alikuwa mkulima. Nilijifunza kumwacha amalize, kisha nimwonyeshe jani lenyewe. Kutopandisha sauti kulinichukua muda zaidi.

Mtihani ulikuja nilivyotarajia, na jedwali pia. Kwenye mahojiano, mzee mmoja alikunja uso na kudai majani yake yamekataliwa kwa chuki. Baada ya Shangazi, huyo alikuwa mtoto mchanga. Nilimsikiliza, nikamwonyesha kasoro, akaridhika. Kisha akauliza:

"Na kama mkulima mwenyewe ni shangazi yako?"

Hilo sikuwa nimelisomea.

"Nitayakataa," nikasema, "halafu nitatafuta pa kulala."

Walicheka mpaka mmoja akavua miwani.

Simu ya kunipa kazi ilipoingia, nilimsimulia Shangazi kila kitu, na jibu langu pia. Hakucheka. Alinuna, akatoka nje bila hata kunipongeza. Nikajua nimeharibu. Nilipomfuata, nilimkuta amekaa na kapu lake la asubuhi kati ya miguu, anachambua majani magumu na kuyatupa kando moja moja, huku akinitukana.