Siku Niliyorudisha Ufunguo wa Pikipiki Kubwa

Nilijifunza kuendesha pikipiki kwenye daftari kabla ya kuigusa pikipiki yenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu linaeleza mengi yaliyofuata. Daftari lilikuwa na jalada la kaki. Ndani yake nilichora klachi kwa kalamu ya bluu, breki kwa nyekundu, na gia kwa penseli ili niweze kufuta. Mstari ukipinda, nilichana ukurasa na kuanza upya. Wiki nzima nilikuwa najua kila kitu kuhusu gia ya kwanza isipokuwa namna inavyohisiwa mguuni.

Nilikuwa nimechukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu na kikundi cha wakulima wa kahawa chenye ofisi Kayanga. Kazi yangu ingekuwa kuwatembelea wakulima wa Kituntu, kukagua mibuni yao na kuwaonyesha namna ya kupunguza matawi. Sikusoma chuo. Kupogoa nilijifunza kwenye shamba la baba kule kwetu Kyerwa, nikiwa na kitabu cha kuazima mkono mmoja na mkasi mkono wa pili. Ofisi nyingine zote zilitaka cheti. Hii ilinipa mti mmoja wa kahawa uliosongamana, ikanitazama nikiukata, ikanichukua.

Msimamizi wangu alikuwa mtu mpole asiyerudia maneno. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwezi wako wa tatu hapa ukiisha, utakwenda Kituntu na kurudi, peke yako, kwa pikipiki. Ukishindwa, nitamwita yule kijana aliyekufuata kwenye usaili. Yeye anaendesha."

Stoo kulikuwa na pikipiki mbili. Moja ilikuwa ya injini ya cc mia mbili, ndefu, yenye matairi ya meno na kiti kilichonifika kiunoni. Ya pili ilikuwa ya cc mia moja, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia, ikitumika kupeleka barua na kuleta maji ya kunywa. Fundi aliyezitunza, mzee mwenye banda lake nyuma ya ofisi, aliniuliza nataka ipi. Nikamwamkia kwanza, kisha nikajibu bila kusita: kubwa.

"Marahaba. Na kwa nini kubwa?"

"Kituntu kuna milima, mzee. Ndogo itachoka."

"Itachoka," alisema akifuta mikono kwa tambara. "Na wewe je?"

Nilimwonyesha ukurasa wa daftari nilipoorodhesha sababu zangu sita. Aliusoma wote, polepole, akanirudishia. "Mwandiko mzuri," akasema. Kisha akanipa ufunguo.

Sababu ya saba sikuiandika, naiungama sasa. Niliamini mtu makini huanza na kile atakachomaliza nacho. Kuanza na kidogo niliona ni kama kukiri mbele ya watu kwamba sijui. Na mimi sijui kukiri kwamba sijui. Kila mara nahisi kama mtu ataninyang'anya kitu.

Kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi mambo yalikwenda vizuri, au niliyaona hivyo. Uwanja ni tambarare na hauna mtu wa kukucheka jioni ukishapita muda wa shule. Vidole vya miguu pekee ndivyo vilivyogusa chini, kwa hiyo kila nilipotaka kusimama nilianza kuwaza mita kumi kabla nitautegemea mguu gani. Nikiachia klachi kwa haraka huku mafuta yamefunguka, pikipiki iliruka mbele kama ng'ombe aliyechomwa na nyuki. Niliandika: *achia taratibu.* Nikapigia mstari mara mbili.

Zilipobaki wiki mbili, nilitoka na ile kubwa barabarani, upande wa kwenda Kituntu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu ulikuwa umelainika juu tu, chini mgumu. Kwenye mteremko wa kwanza pikipiki ilianza kukimbia kuliko nilivyotaka. Nilikuwa gia ya pili. Daftari lilisema nifunge mafuta, niiache injini ishike, niguse breki kidogo kidogo. Badala yake nilijirusha nyuma na kuvuta usukani kwangu kwa nguvu zangu zote.

Injini ikanguruma. Pikipiki haikupunguza mwendo, iliongeza. Nikavuta zaidi. Ikaongeza zaidi. Nakumbuka nikijiuliza, kwa utulivu wa ajabu, imekuwaje mashine hii inafanya kinyume cha ninachoiomba. Kisha tukaacha barabara, tukapita kati ya migomba miwili, na tukalala kwenye matandazo ya majani makavu yenye kina cha godoro.

Mwenye shamba alikuja na jembe begani, mama wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya magoti. Alinitazama, akaitazama migomba yake, akahesabu mashina.

"Umeumia?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unaniamkia umelala?" Akacheka, akanivuta mkono nikainuka. "Mimi nilikuwa hapa juu nakuona. Wewe umekulia wapi?"

"Kyerwa."

"Umesukuma baiskeli ya ndizi."

Halikuwa swali. Nilisema ndiyo.

"Nimeona unavyovuta. Hivyo ndivyo tunavyoishika baiskeli ya ndizi mteremkoni. Hii, mwanangu, si baiskeli."

Nilibaki nimesimama pale na majani kwenye nywele. Alikuwa ameona mara moja kitu ambacho kurasa themanini za daftari langu hazikukiona. Tangu nikiwa na miaka kumi nilikuwa nateremka na baba kwenda mnadani, mikungu mitatu imefungwa kwa kamba za mgomba kwenye baiskeli isiyo na breki. Hatukuipanda, tulitembea pembeni yake. Kwenye mteremko ndizi zinataka kwenda peke yao, na wewe unalala nyuma, viwiko chini, unavuta usukani kifuani. Baba alikuwa akisema nyuma yangu, "Ivute kwako, ivute kwako." Mikono yangu ilikuwa imejifunza hilo miaka mingi kabla ya kujifunza kuchora klachi. Na kwenye pikipiki, ukilala nyuma na kushusha kiwiko cha kulia, kiganja kinauzungusha mkono wa mafuta, na mafuta yanafunguka.

Nilimsaidia yule mama kurudisha matandazo yake, kisha tukaisukuma ile kubwa hadi barabarani kwa msaada wa wapita njia wanne. Mmoja angetosha kwa ndogo. Hilo pia nililiona.

Fundi alinyoosha kikanyagio kilichopinda bila kuniuliza kitu. Nilimweleza mwenyewe, yote, pamoja na sababu ya saba. Alisikiliza, akaitoa ile ndogo nje.

"Twende uwanjani," alisema. "Utafanya kosa lile lile."

"Nifanye kosa kwa makusudi?"

"Ndiyo. Gia ya pili, polepole, halafu vuta kama unavyovuta ndizi zako."

Ilinichukua muda kukubali. Lakini nilikwenda, nikajirusha nyuma, nikavuta. Injini ndogo ililalamika, ikasogea mbele kidogo kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni, na kabla haijafika popote nilikuwa nimeshagundua kiganja changu kilipo, nikakirudisha. Nyayo zangu zote mbili zikatua chini, visigino vikiwa vimeshika.

"Umeona? Kosa halijabadilika," alisema fundi. "Ile kubwa ukiifungulia hivyo inakurusha nyuma, na ukirushwa nyuma unazidi kuifungulia. Hii haina nguvu ya kukurusha. Inakupa nafasi ya kufikiri."

"Na milima?"

"Milima utateremsha gia mapema. Utasikia injini inavyoomba. Kwa ile kubwa hutasikia, itakubeba tu hata ukiwa kwenye gia isiyo yake, na hutajifunza." Akachukua tambara lake. "Ukiachia hii klachi vibaya, mara nyingi inazima. Kuzima ni aibu tu."

Aibu tu. Kwake lilikuwa jambo dogo.

Asubuhi iliyofuata niliingia kwa msimamizi na kuweka ufunguo wa ile kubwa mezani. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nikasahau yote. Nikasema, "Hii imenizidi. Naomba ya barua."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Safari ni ile ile," alisema. "Na siku ni ile ile."

Kwa siku kumi na mbili nilitoka kila alfajiri kukipambazuka. Sikuandika kitu. Nilichagua mteremko mmoja mfupi na kuushuka mara ishirini, nikisema kwa sauti, "Kiwiko juu." Waendesha bodaboda wa kijiwe cha njia panda walinizoea.

"Dada, hiyo ni pikipiki au mbuzi?" mmoja aliuliza.

"Ni mbuzi."

"Basi mpe majani, amechoka."

Wakacheka, nami nikazima injini mbele yao kwa kuachia klachi vibaya, wakacheka zaidi. Nilipiga kiki, nikawasha, nikaondoka. Sikufa.

Siku ya safari ilikuwa na mawingu. Kwenye mlima mrefu wa kwanza nilisikia injini ikianza kuwa nzito, nikashusha gia kabla haijakata tamaa, nikapanda kwa mwendo ambao kuku angeweza kunipita. Bodaboda mmoja mwenye abiria wawili alinipita kweli, akapiga honi. Sikuongeza. Kwenye mteremko wa lile shamba la migomba mikono yangu ilikumbuka ndizi. Nilihisi viwiko vikishuka. Injini ilipandisha sauti, pikipiki ikasogea, na mimi nikafunga mafuta, nikainua kiwiko, nikaiacha gia ya pili itushike hadi chini. Mama mwenye shamba alikuwa kati ya migomba yake. Aliinua jembe, nami niliogopa kuachia mkono, nikamjibu kwa kichwa.

Kituntu nilikagua mibuni ya wakulima watatu, nikapogoa mti mmoja kama mfano, nikanywa uji, nikarudi. Saa tisa alasiri nilikuwa mbele ya ofisi, matope hadi magotini, visigino vyote viwili chini.

Msimamizi alitoka, akaizunguka pikipiki, akatazama kama kuna kilichovunjika.

"Umeanguka?"

"Hapana. Nimevuta vibaya mara nne kwenda, mara mbili kurudi."

"Sikukuuliza hilo," alisema, lakini alitabasamu. Akatoa mfukoni ufunguo wa ile kubwa. "Kuanzia wiki ijayo wewe ni wetu. Sasa unaweza kuichukua hii. Ya barua tunaihitaji."

Niliutazama ule ufunguo. Sitasema kwamba sikuutaka.

"Naomba barua nizipeleke mimi, kabla ya kwenda shambani," nilisema. "Hadi hizo mara sita ziwe sifuri."

Alifikiri kidogo, akarudisha ufunguo mfukoni. Kesho yake nilikuta mezani pangu bahasha saba na dumu tupu la maji.