Shati la Kaunta

Nimefundisha sekondari kwa miaka mingi, na hakuna mwanafunzi atakayesema kwamba ninalea ulegevu wa mavazi. Naamini katika staha. Kwa sababu hiyohiyo nilikasirika sana siku binti wa kaka yangu alipofika kwangu Makandana mchana wa jua, amejifunga sweta zito hadi kidevuni, mabega ameyakunja mbele kama mwenye baridi ya Julai.

Alikuwa ameajiriwa katika chama kidogo cha akiba na mikopo pale mjini, na kazi yake ilikuwa kaunta. Aliisomea na aliipenda. Asubuhi hiyo msimamizi wake alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba hajistiri, kwamba wateja wanapata shida, na kwamba asipojirekebisha ifikapo Jumatatu atahamishiwa stoo ya nyuma kwenye magunia ya mbolea, kaunta apewe mwingine.

Nilimwomba avue sweta. Shati la sare lilikuwa jeupe, limefungwa vishikizo hadi kooni, limeshonwa kwa kipimo kilekile cha wasichana wote wa ofisi. Mabegani lilimpwaya, kifuani lilivutika mpaka kati ya kishikizo na kishikizo pakaachia tundu. Awali msimamizi alikuwa amemshauri aongeze skafu. Aliongeza, na lile rundo la kitambaa shingoni lilifanya kifua kionekane kinaanzia chini ya kidevu. Ndani alikuwa amevaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, ili ajibane. Kamba zilikuwa zimemchora mifereji mabegani, na alivuta pumzi fupifupi.

"Shangazi, labda nikipungua mwili," alisema.

Nilimjibu kwamba mwili wake haujamkosea mtu. Hapo ndipo ninapowadai maelezo wanaojiita walinzi wa maadili: mnaliitaje tundu la shati baya kosa la msichana? Neno staha ni zito. Si la kumtupia mtu kwa sababu Mungu amempa kifua kikubwa na ofisi imempa nguo ya mtu mwingine.

Jumamosi tulikwenda sokoni kwa mama mmoja muuza sidiria za mitumba. Binti aliomba namba aliyoizoea. Mama yule alimtazama, akacheka.

"Mwanangu, huo mkanda ni wangu mimi, na vikombe ni vya mdogo wako."

Alikuwa amesema kweli, na mimi mwenye umbo hilohilo nilijifunza kwa maumivu: tukiwa na kifua kikubwa wauzaji hutupa mkanda mrefu mno, kumbe tunachohitaji ni mkanda unaokaza chini ya matiti na vikombe vyenye kina. Uzito hubebwa na mkanda, si na kamba. Mama alitushikia khanga, binti akajaribu juu ya fulana nyembamba. Tulizikataa zilizopanda mgongoni, na zile ambazo mpira wake ulikuwa umekwisha kulegea. Tulichukua moja yenye kamba pana, mkanda umelala sawa mbele na nyuma, vidole viwili vinapita kwa shida, katikati imegusa mfupa wa kifua, na juu ya vikombe hakuna kilichofurika. Binti alivuta pumzi ndefu.

Siku hiyohiyo tulikwenda kwa fundi cherehani kushona shati jipya, na nilisimamia mwenyewe. Kipimo cha kifua kilichukuliwa akiwa ameivaa sidiria ile. Shati likakatwa kwa upana wa kifua kwanza, kisha likabanwa kiunoni kwa mikunjo ya kushonea, mabega yakaishia begani. Kitambaa kilikuwa pamba nzito kiasi, isiyong'ang'ania mwili. Shingo ilikuwa ya V, ikaishia juu ya pale matiti yanapoachana. Usawa wa kifua tuliongeza kishikizo kidogo kilichofichwa kwa ndani.

Jumatatu nilipita ofisini kwa sababu sikumwamini msimamizi yule. Binti alikuwa kaunta, bila sweta. Alinyoosha mkono kuchukua faili rafu ya juu, shati likabaki mahali pake. Mzee mmoja wa Lufingo alipokea kadi yake, akashukuru, "Ndaga, mwanangu," akaondoka akiitazama kadi.

Msimamizi alinijia akitabasamu.

"Mwalimu, tunashukuru. Sasa amejifunza kujistiri."

"Shingo ya shati hili iko chini kuliko ya lile ulilolilalamikia," nilimwambia. "Hukuliona hilo?"

Aligeuka, akatazama, akaondoa macho haraka. Alisema kwamba hata hivyo jambo limekwisha, binti atabaki kaunta.

"Kwangu halijakwisha. Ulimwaibisha mbele ya wenzake. Wako hapa wote."

Alijikohoza. Kisha, kwa sauti ndogo kuliko ile aliyoitumia siku ile, alimwambia binti kwamba yeye ndiye aliyekosea kusema vile. Wenzake waliacha kuandika. Binti hakumwambia kwamba si kitu. Alisema, "Nimesikia, bosi," akamwita mteja aliyefuata.