Kitambaa cha Mama Usafi

Majirani walimwita Mama Usafi, na hawakumsingizia. Ng'ombe wake sita walioga kuliko waume wa watu. Kila asubuhi, kabla ya kukamua, aliwafuta macho kwa kitambaa kimoja cheupe, akimaliza na Bi Mkubwa, ng'ombe aliyemlea tangu ndama. Jina hilo alilitoa mumewe kwa utani, kwa kuwa ng'ombe huyo alisikilizwa nyumbani kuliko yeye.

Kiangazi kilipokaza, mtamba mmoja akaanza kutokwa machozi na kufumba jicho juani. Nzi wakamjaa usoni. Mama Usafi akamfuta kwa huruma, akaendelea na wengine. Alipoona machozi hayakomi, maskini, akafuta asubuhi na jioni. Wiki ya pili walikuwa wanne. Macho yote mawili ya Bi Mkubwa yakaingia ukungu, na Mama Usafi akapoteza usingizi.

Daktari wa mifugo, binti mchangamfu, alipofika uchangamfu ukamwisha.

"Nzi wananyonya machozi ya mgonjwa, kisha wanatua kwenye jicho la mzima. Mama, huwa unawafuta kwa kitu gani?"

Akaonyeshwa kitambaa.

"Wote kwa hiki hiki?"

"Nakifua kila siku, mwanangu."

"Kila siku, ndiyo. Lakini si baada ya kila ng'ombe."

Mama Usafi akaketi chini palepale, kwenye samadi, yeye ambaye hakukubali hata tone la tope kwenye kanga.

Daktari aliwatenga wagonjwa. Akawapaka dawa ya mrija ndani ya kope, akinawa mikono kabla ya kumgusa mwingine, akawanyunyizia wote dawa ya nzi. Jicho baya la mtamba alilifunika kwa kipande cha jinzi kilichogundishwa juu, chini kikaachwa wazi.

"Jua kali na vumbi vinaumiza jicho, ugonjwa unapata njia. Mbona hamna kivuli?"

Mume akainamisha kichwa. Kibanda kilikuwapo, mkewe alikibomoa ili awaone ng'ombe wake vizuri akiwa jikoni.

"Na Bi Mkubwa?" akauliza Mama Usafi.

"La kushoto limepasuka, mama. La kulia limefunikwa na kovu. Tumechelewa. Nitampa dawa ya maumivu."

Mumewe alisimamisha nguzo, akaezeka nyasi. Siku kibanda kilipokamilika, wagonjwa wengine walikuwa wamefumbua macho na kurudishwa kwa wenzao. Saa sita mchana watano wakajibanza kivulini. Bi Mkubwa alibaki juani peke yake, hajui kivuli kiko wapi.

Mama Usafi akamwita. Ng'ombe akaifuata sauti moja kwa moja, kwa imani yote, akagonga nguzo kwa paji la uso. Akasimama, akasubiri aitwe tena.

"Usije," Mama Usafi akasema huku akilia. "Mimi ndiye niliyekupofusha. Ngoja, nakuja mwenyewe."