Chapa ya shaba

Mbele ya karakana ya Ruphin Kalonji, pale Naviundu, Lubumbashi, palikuwa na kiti kizuri cha mbao ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikikalia. Wateja ndio waliokikalia. Yeye alisimama, akazunguka, akagonga bati lisilohitaji kugongwa, akaingia ndani kutafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake. Mwaka huu ilikuwa mbaya zaidi. Oktoba ilikuwa inaishia, mawingu yanajikusanya upande wa Luano na kutawanyika bila kumwaga kitu, na Ruphin alikuwa hashikiki. Mke wake, Mama Bijou, alimwambia waziwazi kwamba anachosha hata kuku.

Sababu ilijulikana. Nyumba ya uzazi ya hapo mtaani ilikuwa imejenga jengo la pili, na mama mkubwa wa wauguzi, Perpétue, alitaka mifereji ya paa ifungwe kabla ya mvua kubwa. Kisima chao kilikuwa kimeharibika maji tangu mwaka juzi. Wazazi waliogeshwa kwa maji ya mvua, vyombo vilioshwa kwa maji ya mvua, na yaliyochemshwa ndiyo yaliyonywewa. Kwa kazi ya namna hiyo Ruphin hakutegemea kuulizwa maswali. Miaka thelathini na minne amekunja bati mjini hapa, nani mwingine angeitwa?

Naam, pamoja naye aliitwa na mwingine. Aliitwa Hénoc.

Hénoc alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alikuja karakanani kijana mwembamba, akashika ngazi miaka sita huku Ruphin yuko juu, akajifunza kukunja, kulehemu na kupima mteremko kwa jicho. Kisha, miaka tisa iliyopita, Ruphin alimfukuza mbele za watu. Sasa Hénoc ana mke na watoto watatu, anafunga mifereji ya plastiki, na watu wanasema kazi yake ni safi. Ruphin alipolisikia jina hilo alitema mate chini, ingawa alikuwa ndani ya nyumba. Mama Bijou alimpa kitambaa apanguse.

Lakini kwanza lazima nikuambie habari ya chapa, maana bila chapa humjui Ruphin.

Baba yake alitoka Kasai akafanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba mpaka mapafu yakamshinda. Alimwachia mwanawe vitu viwili: ukaidi na rundo la vipande vya shaba. Ruphin alianza kazi yake kwa vipande hivyo. Kila mfereji alioumaliza alikata bamba la shaba la upana wa kiganja, akachonga herufi R, akalifunga kwa ribiti za shaba kwenye sakafu ya mfereji, pale penye tundu la kushukia bombani. Pale na si kwingine. Alitaka maji yote ya paa, tone kwa tone, yapite juu ya jina lake kabla ya kufika kwenye tangi. Watu wa Lubumbashi wanaijua shaba, wakaipenda chapa hiyo. Wengine waliapa kwamba inatakasa maji. Ruphin hakuwakatalia.

Siku ya kuitwa, Ruphin alifika nusu saa kabla na kumkuta Hénoc amekwishafika. Wakasalimiana kwa kichwa. Perpétue, mwanamke mfupi mwenye sauti isiyoinuka, aliwasimamisha uani, katikati ya majengo mawili.

"Mimi minataka kujua kintu kimoja tu," alisema. "Plastiki, toli ya zinki, ile bati, ao alumini. Gani itanipatia maji muzuri, na itakawia miaka mingi?"

Ruphin alirukia. "Toli ya zinki, Mama. Iko nguvu, unaegemesha echelle, unapanda, haikunjami. Na tunailehemu, haivuji. Plastiki ni ya ndoo!"

Perpétue akamgeukia Hénoc.

"Mama, zote biko na uzuri na ubaya," alisema Hénoc polepole. "Plastiki haishikake kutu, na ni nyepesi. Lakini jua ya huku inaikausha, inapasuka. Na joto inairefusha: kama hukuacha nafasi pa bijoint, pale penye bipande binakutana, inajikunja. Kama hukuweka bikono bya kuishikilia karibu-karibu, inalegea, maji inalala mule, mbu inazaa. Toli ya zinki iko nguvu, Papa anasema kweli. Lakini ile zinki ni kama nguo tu. Ikiisha, chuma inabaki uchi, na kutu inaanzaka pale penye tulikata na mukasi. Na huku kwetu, na moshi na vumbi ya biwanda, inaisha mbio. Alumini haina kutu nyekundu. Ni laini, ukiegemesha echelle inabonyea, na haipende kulehemiwa, tunaweka ribiti na mastiki ya kuziba. Lakini kwa maji ya kunywa, mimi ningechagua ile."

"Alumini!" Ruphin alicheka, akahema. "Mama, si uliniomba alumini kwa jengo ya kwanza? Nikakufanyia. Na leo?"

"Leo inavuja," alisema Perpétue. "Misimu mbili tu, Papa Ruphin. Maji inashuka pa ukuta, tangi haijae. Mwezi wa tatu tulimubeba muzazi kumupeleka mbali sababu maji ya kumusafisha ilikuwa imeisha."

Ruphin alisikia masikio yakimpata moto. "Unaona?" alisema. "Ni ile alumini. Si mukono yangu."

"Basi panda utuonyeshe," alisema Perpétue. "Yenye kasoro sitairudilia. Na mwenye kasoro vilevile."

Alipanda, kwa hasira, kama mtu anayekwenda kushinda kesi. Mfereji ulikuwa unang'aa mahali pote. Alipitisha kidole toka ncha moja: laini, mzima, kama siku alipoufunga. Akasogea mpaka kwenye tundu la bomba, na kidole kikakwama kwenye unga. Unga mweupe, mwingi, umejaa kuzunguka bamba la shaba. Chini yake doa la kijani. Aliupangusa, na mwanga wa jua ukapenya kutoka chini kwa matundu madogo madogo, yote yamelizunguka jina lake. Hata tundu moja halikuwa mbali na shaba.

Alikaa juu ya ngazi muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwenye kiti chochote. Kisha akashuka, akasema tumbo linamuuma, atarudi.

Alidanganya, tumbo halikuwa na kitu. Alichukua pikipiki ya kukodi hadi kanisa la mtaa wa pili, alikofunga mifereji ya zinki miaka kumi na miwili nyuma, akaomba ngazi. Mfereji ulikuwa wa kijivu, mzuri, ila kuzunguka bamba la R zinki ilikuwa imeliwa na chuma kimegeuka chekundu kama tofali. Akaenda Luano, kwenye nyumba ya mteja wa zamani. Kilekile. Pale mteja alimwambia, bila ubaya, "Papa, toli yako ni ya muzuri, inaozaka tu pa mudomo." Miaka yote alikuwa anaitwa kuziba midomo hiyo, na miaka yote alilaumu bati la siku hizi, wauzaji wa mpakani Mokambo, majani kwenye paa, wenye nyumba wavivu. Shaba ikikutana na zinki au alumini kwenye maji, shaba inabaki nzima na mwenzake analiwa. Alilijua hilo nusunusu, kama tunavyojua kwamba tutakufa. Wazee husema kikulacho kimo nguoni mwako. Ruphin alikuwa amekishona mwenyewe, na kukichonga herufi.

Akiwa juu ya pikipiki, vumbi usoni, ndipo likamjia jambo ambalo alikuwa analikimbia tangu asubuhi. Ghala la mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini, mwenye malori. Mfereji wa zinki ulitoboka mwaka wa tatu, maji yakaingia kwenye magunia ya unga. Mwenye mali alipokuja akipiga kelele, Ruphin alimnyooshea Hénoc kidole: huyu, amekwaruza zinki kwa tupa, mkono wake mbaya. Hénoc alisema neno moja tu siku ile. Alisema, "Papa, inatoboka pa chapa." Ruphin alimpiga kofi na kumwambia asirudi.

Alimwambia dereva wa pikipiki ageuze.

Walipofika nyumba ya uzazi, upepo ulikuwa umeanza kuinua mchanga na upande wa mashariki kulikuwa kweusi. Perpétue alikuwa anasaidia kuingiza mashuka. Hénoc alikuwa bado uani, anapima ukuta wa jengo jipya kwa kamba. Ruphin alisimama mbele yake, akashindwa kuanza, akazunguka mara mbili, akarudi.

"Hénoc. Uliniambia kweli na nikakupiga," alisema. "Si mukono yako. Ni chapa. Kila mahali penye iko jina yangu, ndipo panatoboka. Nimetoka kuona." Akaona haya, akaendelea hivyo hivyo. "Mama Perpétue, muache kazi kwa Hénoc. Alumini, ribiti za alumini, bikono bya alumini. Bomba ya kushuka aweke plastiki nene, kule ukutani jua haiifikie. Na maji ya kwanza ya mvua mumwage, iko vumbi ya paa na hii uchafu yangu."

Perpétue alimtazama, mashuka mikononi. "Na ile ya zamani? Mvua iko hapa."

Hénoc alikunja kamba yake, akaenda ukutani, akachukua ngazi, akaisimamisha chini ya mdomo wa mfereji wa jengo la kwanza. Akaikanyaga kwa mguu, akaishika kwa mikono miwili, kama alivyoishika miaka sita.

"Panda, Papa," alisema. "Nimeshika."

Ruphin alipanda. Alikata ribiti, akang'oa bamba, akalitia mfukoni. Hénoc alimpitishia kiraka cha alumini, kisha ribiti, kisha mastiki, moja baada ya nyingine, kabla hajaomba. Alipokandamiza mastiki ya mwisho, matone makubwa yalikuwa yanapiga paa. Perpétue alimwagisha maji ya kwanza, mekundu kwa vumbi, ndoo baada ya ndoo, mpaka yakatoka meupe. Ndipo akageuza bomba kwenye tangi. Wakasikia tangi likianza kupokea.

"Papa Ruphin," Perpétue aliita kwa nguvu, kwa sababu ya mvua. "Kazi ni yako vilevile. Tutaweka jina yako wapi?"

Ruphin alikuwa bado juu ya ngazi, analowa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Hapana, Mama," alisema. "Iache maji ipite."