Kifuniko Mpaka Amina

Kwa wiki tatu mama yangu alikataa samaki niliyempikia, na kwa wiki tatu nilikuwa na hasira. Sitajisingizia upole. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia samaki, nikaikasirikia maikrowevu niliyoinunua kwa mwenzangu wa kazini aliyekuwa anahama. Zaidi ya wote nilimkasirikia kaka yangu, ambaye hajawahi kumenya hata kitunguu lakini alijua kila kosa lililokuwa jikoni kwangu.

Mama alikuja kwangu mjini, mtaa wa Migosi, kwa sababu ya kifua, akiwa amelala siku mbili kwa kaka yangu na kuacha huko nusu ya nguo zake. Miaka mingi alikausha samaki kwa moshi kule ziwani, Port Victoria, na moshi ule uliotusomesha sasa ulikuwa umehamia mapafuni mwake. Daktari alisema asikae penye moshi, na vya kukaangwa kwenye mafuta mengi aviache. Makaa mwenye nyumba hayataki. Gesi nilikuwa nayo, lakini asubuhi moja nilimkuta Mama amefungua gesi akasahau kuwasha kiberiti, amekaa pale pale anachambua mboga, hanusi kitu, maana pua yake nayo ilishachoka zamani. Siku hiyo hiyo mtungi niliupeleka kwa jirani, ambaye tangu hapo akawa anatusongea ugali, nami nikaleta ile mashine, maikrowevu, ndani.

Kaka yangu aliposikia kwenye simu kwamba Mama amekonda, akatoa hukumu.

"Hiyo kitu ni ya kupasha chai ya ofisi," alisema. "Jumamosi nakuja kumchukua. Akae kwangu, mke wangu atampikia chakula ya ukweli."

Chakula hicho cha ukweli nilikijua. Ni karai la mafuta juu ya kuni, na kuni zenyewe ziko hatua mbili kutoka mlango wa chumba ambacho Mama angelala. Wageni wazima hutoka pale wakifuta macho. Mama asingemaliza msimu wa mvua akiwa hai katika chumba kile, na hilo ndilo nililokuwa ninaligombania. Mashine ingeweza kwenda kuzimu.

Lakini ukweli unaouma ni kwamba samaki wangu alikuwa mbaya kweli. Siku ya kwanza nilichukua ngege, yule sato wa ziwani, wa karibu nusu kilo, nikamtia kwenye bakuli la kioo, nikafunika, nikazungusha kitufe cha nguvu mpaka mwisho, kama mtu anayeongeza kuni ili apike haraka. Ngozi ilipasuka kwa mlio, mkia ukakauka ukawa kama soli ya kandambili, na kwenye uti wa mgongo nyama ilikuwa bado ina damu. Mama alibonyeza kwa kidole kimoja tu.

"Nyathina," aliniita mwanangu kwa Kijaluo, bila hata kucheka, "hii samaki bado inaogelea."

Mtu aliyeuza samaki maisha yake yote akikuambia hivyo, huna pa kukata rufaa. Niliula mwenyewe ule mkia kwa hasira.

Nikakisoma kile kijitabu kilichokuja na mashine. Nikajifunza kwamba samaki hapelekwi kwa nguvu zote; anataka nguvu ya kati. Ukiweka kati, mashine haipunguzi sauti kama redio. Inawaka, inanyamaza kidogo huku feni ikiendelea, inawaka tena. Mama aliisikiliza akasema angalau sasa inapumua kama mtu. Nikaanza kumchanja samaki mikato mitatu kila upande, penye nyama nene, ili mvuke upate pa kutokea. Mkia nikaukunja chini ya mwili usikauke. Nikaongeza vijiko viwili vya maji, nyanya na dhania, nikafunika na kuacha kile kitundu cha kifuniko wazi. Dakika nne, namgeuza, dakika nne nyingine.

Akawa afadhali. Nyama ya juu ilikuwa nyeupe na laini, lakini kule katikati bado iling'ang'ania mfupa, ikiwa na rangi ya waridi. Sukuma wiki nayo ilikuwa vivyo hivyo: nilikuwa naikata nyembamba, naitia na maji yale yale yaliyobaki kwenye majani baada ya kuosha, nguvu zote dakika tano, nakoroga katikati, na bado vikonyo vilikuwa vinalia menoni. Mama anakula vijiko viwili, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Ameshiba nini? Mabega yake yalikuwa yanaonekana ndani ya gauni kama hanga ya nguo.

Nikiongeza dakika, mkia unakauka. Nikipunguza, katikati panabaki pabichi. Nilikuwa natoka kazini saa saba kamili na saa nane ninatakiwa niwe nimerudi, na saa hiyo moja nzima nilikuwa naitumia kugombana na mnyama aliyekufa.

Tena kulikuwa na suala la sala. Kwetu chungu hakifunuliwi kabla ya Amina. Kinaletwa kimefunikwa, kinakaa katikati, mkubwa wa nyumba anaomba, na kifuniko kinaondolewa sala ikiisha. Mama haombi kwa kifupi. Anashukuru kwa walio hai, mmoja mmoja, anapita kwa marehemu, anaombea mashua ambazo wenyewe walishaziuza. Mimi nilikuwa na saa moja. Kwa hiyo mashine ikilia tu, nilikuwa nafunua na kupakua papo hapo, ili chakula kipoe wakati yeye anaomba. Mama alikuwa anafungua jicho moja, anaona sahani iko wazi, mvuke unapanda darini, anakatiza sala yake. Nilidhani ni kiburi cha wazee.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kaka yangu kuja, alisukuma sahani tena na mimi nikashindwa kujizuia.

"Unataka uende kule ukafe?" nilimuuliza. "Sema tu. Kama ndiyo unataka, sema nijue."

"Mimi nimekataa chakula ya nani?" alisema. "Nimekataa ubichi."

"Basi leo nitapika mwingine, na sikupakulii. Pakua mwenyewe."

Nilikuwa na samaki wa jioni. Nikamwosha na kumchanja kwa fujo, nikamweka dakika zile zile nane, mashine ikalia, nikalitoa bakuli kwa kitambaa nikalitua mezani likiwa limefunikwa kama lilivyo. Nikatoka nje ya mlango, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye kibaraza. Nilikuwa nimemwambia mama yangu neno la kifo, na sikuwa na mpango wa kuomba msamaha. Nyuma yangu nilimsikia anaanza sala, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamharakisha, aliifikisha mpaka mwisho wake, na majina yote, na zile mashua.

Niliporudi ndani kuchukua mkoba wangu, alikuwa ameshafika kwenye uti wa mgongo. Nyama ilikuwa inaachana na mfupa kwa kuguswa tu, nyeupe mpaka ndani. Sukuma iliyobaki kwenye bakuli lake lenye kifuniko ilikuwa imelainika pia. Mama alikuwa anafyonza kichwa.

Nikakichukua kile kijitabu nikiwa nimesimama. Kilikuwa kimesema tangu mwanzo: acha chombo kikiwa kimefunikwa, dakika tano kwa samaki mzima, mbili kwa mboga, kwa sababu joto la nje linaendelea kuingia ndani hata mashine ikiwa imezima. Mstari ule niliusoma siku ya pili. Niliuruka, nikiamini ni ushauri wa watu wasio na kazi.

"Dakika tano," nilimwambia Mama. "Ilikuwa inataka dakika tano za kukaa imefunikwa."

"Hata chungu tunatoa kwa moto tunaacha kikae," alisema. "Nani alikuambia moto ikizima chakula inaacha kuiva?"

"Sasa mbona hukuniambia? Wiki tatu, Mama."

Aliweka mfupa chini, akafuta vidole.

"Ungesikilia wapi? Wewe hata Mungu unampatia nusu dakika."

Nilirudi kazini nimechelewa na nikiwa na hasira kuliko nilivyotoka, kwa sababu safari hii sikuwa na wa kumrushia.

Jumamosi kaka yangu alifika saa sita mchana, ameshaligeuza gari akaliegesha likitazama barabara. Hakukaa. Alizunguka sebuleni akimtazama Mama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akasema amebaki mifupa, akasema mimi nasoma vitabu lakini sijui kulisha mzazi. Sukuma ilikuwa imeshatoka na inangoja chini ya kifuniko chake, na samaki alikuwa bado na dakika tatu kwenye mashine. Nilikuwa nimeuma meno mpaka taya zinaniuma.

Mashine ikalia. Nikaleta bakuli mezani.

"Imelia, tule twende," kaka yangu akasema, na mkono wake ukaenda kwenye kifuniko.

Mama alifika kwanza. Aliukunja upande wa leso yake, akauweka juu ya kifuniko, na juu ya leso akaweka kiganja, akakaza.

"Tuombe," alisema.

Akaanza na walio hai. Kaka yangu alisema Amina alipofika kwa wajukuu. Mama akaendelea. Kaka yangu akasema Amina tena kwa marehemu baba, kwa sauti kubwa zaidi, na Mama akaendelea, akikohoa katikati na kurudia jina ambalo kikohozi kililikata. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye kile kitundu na kufifia kidogo kidogo. Kisha akasema mambo ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia katika sala zake.

"Nyasaye, huyu msichana ulimpatia hasira yangu yote, hukubakisha. Usimpunguzie sana, ndiyo imeniweka hapa. Na huyu kijana amekuja na gari. Muonyeshe mtu anaweza kukonda na bado aulizwe anataka kulala wapi. Hakuna mtu ameniuliza. Hata huyu msichana. Amina."

Aliondoa mkono. Nikafunua kifuniko. Mama alichomeka kidole penye mkato wa katikati, na nyama yote ya upande ule ikalala chini, mfupa ukabaki peke yake. Kaka yangu alikula, nawaambia, akaongeza, akachovya ugali kwenye mchuzi uliobaki chini ya bakuli mpaka kioo kikaonekana.

Mimi nilikirudisha kijiko cha sukuma kwenye sahani. Wiki tatu nilikuwa nimepigania mahali mama yangu atakapoishi, nikipigana na kaka yangu kama watu wawili wanaovutana kwa ajili ya kiti, na mwenye mwili wake amekaa hapo katikati.

"Mama," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Unataka kulala wapi?"

Alinawa mikono kwanza. Alinawa polepole, akakausha kila kidole kwa ile leso, kisha akamgeukia kaka yangu aliyekuwa bado anatafuna.

"Ukirudi wiki ijayo," alimwambia, "uniletee nguo zangu zenye zilibaki kwako."